Mkojo Unachoma, Ubavu Unauma na Homa Ipo: Maswali Tunayoulizwa Kila Siku

Maswali haya ni ya wagonjwa wanaokuja kwetu Pemba, na wengine wanaopiga simu kutoka Unguja. Nimeyaacha kama yanavyoulizwa.

Mkojo unanichoma na kila saa nakwenda chooni, lakini homa sina. Ndiyo figo hizo?

Uwezekano mkubwa ni kibofu peke yake. Ndiyo ile ambayo kila mtu sasa anaiita yutiai. Vijidudu, mara nyingi wale wanaoishi kwenye utumbo bila taabu yoyote, wamepanda kwa njia ya mkojo wakaingia kibofuni. Kwa mwanamke njia hiyo ni fupi, kiasi cha sentimita 4 tu, ndiyo maana akina mama wanaugua zaidi kuliko wanaume.

Maradhi ya kibofu yanakaa chini. Unasikia moto unapokojoa, unabanwa ghafla ukifika chooni yanatoka matone mawili, chini ya kitovu panauma, na mkojo unaweza kuwa na ukungu au hata damu kidogo. Inakera sana, lakini mgonjwa anatembea, anakula, anapika. Ukiwa hivyo, si mjamzito na huna uchafu wa ajabu unaotoka ukeni, nenda kituo cha afya cha jirani mchana kwa utulivu. Huna haja ya kuamsha watu usiku.

Nitajuaje kuwa imeshapanda kwenye figo?

Mwili mzima unaanza kuugua. Homa inapanda ikapita nyuzi 38, baridi inakupiga mpaka meno yanagongana ilhali ni kaskazi na wenzako wanajipepea, tumbo linachafuka, unatapika. Na maumivu yanahama: yanatoka chini ya kitovu yanakwenda nyuma, upande mmoja, pale ubavu wa mwisho unapokutana na uti wa mgongo.

Sisi tunapapima mahali hapo kwa namna rahisi. Mgonjwa anakaa ametupa mgongo, tunaweka kiganja cha mkono mmoja juu ya pembe hiyo, tunakigonga kwa ngumi ya mkono wa pili, polepole. Upande mzima hausemi kitu. Upande wenye figo iliyovimba, mgonjwa anaruka. Msiijaribu nyumbani kwa nguvu. Nimewahi kumpokea mtu aliyegongwa na shemeji yake mpaka akapata jeraha jengine.

Jambo moja linawapoteza wengi: mchomo wa mkojo unaweza usiwepo kabisa. Figo ikiambukizwa, wapo wanaokuja na homa na ubavu tu, mkojo hauwachomi hata kidogo. Kwa hiyo usingoje mchomo ndipo uamini.

Mimi nalima mwani. Kila bamvua likimalizika kiuno kinaniuma. Nitatofautisha vipi?

Swali zuri, na ndilo linalotuchelewesha sana huku kwetu. Mkulima wa mwani anainama ndani ya maji saa tatu, nne, anafunga kamba, anabeba magunia mabichi. Kiuno lazima kiume. Tena haja ndogo anaizuia, na maji ya kunywa hachukui ya kutosha kwa sababu akinywa atakojolea wapi? Basi mtu huyo huyo ana sababu ya kuumwa kiuno na ana sababu ya kuugua mkojo.

Maumivu ya misuli yanafuata mwendo wako. Ukiinama yanazidi, ukilala ukapata namna ya kujiweka yanapungua, ukibonyeza kwa kidole unaiona sehemu yenyewe, na kwa kawaida yanatanda pande zote mbili chini ya kiuno. Ya figo hayajali umelalaje. Yako juu zaidi, chini ya mbavu, upande mmoja, na hayaondoki ukigeuka. Na misuli haileti homa. Ukiwa na kiuno na kipimajoto kinasoma 38 na zaidi, usijiambie ni mwani.

Pima kabla ya kunywa panadoli. Panadoli inashusha homa kwa saa kadhaa, unakuja kwetu unasoma 37, tunakuandikia dawa ya kibofu, usiku homa inarudi.

Na mawe je? Yanaumaje?

Jiwe likikaa tuli ndani ya figo mara nyingi haliumi. Linauma linaposhuka kwenye mrija unaopeleka mkojo kibofuni. Mrija huo ni mwembamba, milimita chache tu, na jiwe likinasa unaanza kujikamua kulisukuma. Ndiyo maana maumivu ya jiwe huja kwa mawimbi: yanapanda, yanapanda, mgonjwa hawezi kukaa, anatembea huku na huku, anajikunja chini, anatapika, halafu yanalegea, kisha yanarudi. Yanaanzia ubavuni yanateremka kwa mbele hadi kinenani, kwa mwanamume hadi kwenye korodani. Wazee wetu wengi wameyaita mshipa au ngiri, na akina mama wameyaita chango, wakakandwa miaka.

Tazama tofauti ya mikao. Mwenye figo iliyoambukizwa hulala kimya, hataki kuguswa. Mwenye jiwe hatulii. Si kanuni isiyovunjika, lakini nikiingia wodini naitazama kabla sijauliza neno.

Jiwe peke yake halileti homa. Hili naomba ulishike, kwa sababu ya swali linalofuata. Na kuna mtego mwengine: jiwe likishuka mpaka karibu na mlango wa kibofu, linamfanya mtu ajisikie kubanwa kila dakika na mkojo kumchoma, kama yutiai kamili, bila kijidudu hata kimoja.

Nilinunua dawa dukani, mchomo ukaondoka. Sasa nina homa na ubavu. Si nimeshapona mkojo?

Nitakujibu kwa kisa cha mama mmoja, nimebadilisha mambo madogo ili asijulikane. Ana miaka 36, analima mwani upande wa mashariki wa Pemba. Mkojo ulimchoma baada ya bamvua. Akaenda duka la dawa, akauziwa vidonge sita vya antibayotiki ndani ya karatasi, bila jina. Siku ya pili mchomo ukapungua, akabakisha vidonge viwili kwa ajili ya siku nyengine.

Siku ya tano ubavu wa kulia ukaanza. Akasema ni kazi. Usiku ule akatetemeka chini ya mashuka matatu, akatapika mara nne, alfajiri mumewe akamleta kwa gari ya abiria. Homa 39.2, mapigo ya moyo 118 kwa dakika. Nilipogonga upande wa kulia alinishika mkono. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu (malaria imepungua sana visiwani lakini haijaisha, kwa hiyo homa bado tunaipima), mimba hana, mkojo umejaa chembe nyeupe na una damu kidogo. Maumivu hayaji kwa mawimbi, yamekaa. Nikasema: figo imeambukizwa. Tukachukua kwanza mkojo wa kuotesha vijidudu maabara, halafu tukampa seftriaksoni ya mshipa na dripu.

Siku ya pili kutapika kukakoma, akaomba uji. Sote tukafurahi. Siku ya tatu homa bado 38.8.

Hapo ndipo penyewe. Figo iliyoambukizwa ikipata dawa inayofaa, homa huanza kushuka ndani ya siku mbili hadi tatu. Isiposhuka, kuna mambo mawili ya kuuliza: je, dawa haiwezi kijidudu hiki? Au kuna kitu kimeziba? Majibu ya kuotesha yakaja: kijidudu kinavishinda vidonge vya aina ile ambayo maduka mengi huwapa watu, lakini seftriaksoni inakiua. Kwa hiyo dawa ni sahihi. Tukamfanyia altrasaundi, figo ya kulia imejaa maji na imetanuka. Kuna kizuizi.

Akapelekwa Unguja siku hiyo hiyo. Wakamwekea kijirija laini ndani, kutoka kwenye figo mpaka kibofuni, usaha ukapata njia ya kutoka. Kesho yake asubuhi homa haipo. Jiwe lilikuwa la milimita 8, na hawakulitoa siku ile. Walisubiri uambukizo uishe kwanza, kwa sababu kulivunja jiwe lenye usaha nyuma yake ni kumwaga vijidudu kwenye damu. Baadaye akanambia kwamba miezi mitatu kabla alikuwa na maumivu ya kwenda na kurudi upande huo huo. Alidhani chango.

Kwa nini sindano hazikutosha, na dawa ilikuwa sahihi?

Fikiria karo iliyoziba. Unaweza kumimina dawa kutwa, maji machafu yapo pale pale. Figo iliyozibwa inapunguza kazi, damu inayopita inapungua, na dawa nayo inafika kidogo. Wakati huo usaha unabanwa, na ukibanwa unarudi kwenye damu. Mgonjwa wa namna hii anaweza kuwa anazungumza asubuhi na jioni presha imeanguka. Kwa hiyo ubavu, homa na jiwe kwa pamoja si maradhi matatu madogo. Ni dharura moja, na tiba yake ni kufungua njia, kwa kijirija cha ndani au kwa mpira unaopitishwa mgongoni moja kwa moja hadi kwenye figo. Dawa inasaidia, haimalizi.

Kipimo cha mkojo kimetoka safi. Basi sina kitu?

Inategemea mkojo umetoka figo gani. Kama figo ya kulia imezibwa kabisa, mkojo uliomo kwenye kopo lako umetoka figo ya kushoto, ambayo ni nzima. Kijiti cha kupimia mkojo kitasoma safi huku upande wa pili kuna usaha. Ubavu mkali na homa havifutwi na kipimo kizuri.

Kinyume chake pia kipo, na hiki ndicho kinachoniudhi. Mtu ana mafua, maabara inamwandikia "chembe nyeupe 4 hadi 6", anaambiwa ana yutiai, anameza antibayotiki wiki nzima. Chembe chache ndani ya mkojo wa mtu asiyechomwa wala kubanwa si ugonjwa. Mara nyingi ni mkojo uliochukuliwa vibaya. Namna yake ni hii: jisafishe kwa maji, mbele kwanza kisha nyuma, acha mkojo wa mwanzo uende, kinga wa katikati, na kopo lifike maabara upesi, lisikae juani.

Kijiti kina kipimo cha naitraiti pia. Kikiwa na rangi, kuna vijidudu karibu kwa uhakika. Kikiwa hakina, haimaanishi kitu kikubwa: vijidudu vinahitaji saa nne hivi ndani ya kibofu ili vigeuze rangi, na mtu anayekojoa kila nusu saa hawapi muda.

Altrasaundi imesema hakuna jiwe. Nishukuru?

Soma mstari wa pili wa ripoti. Altrasaundi inaona vizuri figo na inaona vizuri maji yaliyojaa ndani yake. Jiwe lililonasa katikati ya mrija mara nyingi hailioni, kwa sababu matumbo yenye hewa yako mbele. Ikisema "jiwe halikuonekana, figo ya kushoto imetanuka", jibu ni kwamba kuna kitu kimeziba na hakijaonekana bado. Sitiskani ndiyo inayoliona jiwe popote lilipo. Kama figo zote hazina maji na homa inashuka, hapo shukuru.

Dada yangu alipewa nitrofurantoini akapona. Amebakisha, ninywe?

Kwa kibofu ni dawa nzuri sana, kwa kawaida siku 5 zinatosha. Kwa figo haifai. Inakusanyika ndani ya mkojo, lakini haifiki kwa wingi kwenye nyama ya figo wala kwenye damu. Ukiwa na homa na ubavu ukainywa, mchomo utaondoka, utajiona mzima, na figo itaendelea kuungua. Ndiyo maana tunauliza homa kabla ya kuandika dawa. Figo zinahitaji dawa inayoingia mwilini, wiki moja hadi mbili kwa kutegemea ni dawa gani, na anayetapika anaanza na sindano.

Na diklofenaki? Kwa maumivu ya jiwe inafanya kazi kweli, wakati mwengine kuliko dawa kali. Lakini kwa mtu anayetapika, aliyekauka maji, mwenye figo inayougua, inaweza kuiumiza figo zaidi. Mjamzito asiiguse. Panadoli ni salama zaidi mpaka uonwe.

Nakojoa damu. Mama anasema ni kichocho tu.

Huenda mama kapatia. Kichocho cha mkojo kipo Unguja na Pemba, kinapatikana kwenye mabwawa na mito yenye konokono wake, na dawa yake, prazikwanteli, imekuwa ikigawiwa maskulini na vijijini kwa miaka mingi. Damu yake kwa kawaida inatoka mwishoni mwa mkojo, matone ya mwisho, na mchomo unaweza kuwepo. Homa kali na ubavu si kawaida yake. Ukipimwa kichocho, toa mkojo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mayai hutoka kwa wingi wakati huo.

Ila usiseme "tu". Kichocho cha miaka kinaacha makovu kwenye kibofu na kwenye ncha za mirija, mirija inakuwa myembamba, figo zinajaa maji taratibu bila kelele. Mtu kama huyo akipata vijidudu, yuko pale pale alipokuwa yule mama wa mwani, hata bila jiwe.

Nina mimba ya miezi mitano na ubavu wa kulia unauma.

Usingoje asubuhi kama kuna homa. Mimba inalegeza mirija na tumbo linaibana, zaidi upande wa kulia, kwa hiyo maradhi ya kibofu hupanda haraka. Figo ikiambukizwa inaweza kuanzisha uchungu kabla ya wakati. Mjamzito mwenye homa na ubavu analazwa na anaanza na sindano, hatupeani vidonge vya nyumbani. Na siprofloksasini, ile inayouzwa kirahisi, mjamzito haimfai.

Mume wangu naye anachomwa. Ni yutiai?

Kijana mwenye usaha unaotoka kwenye uume, fikiria kisonono au klamidia kwanza, na mtibiwe wawili. Mzee anayekojoa kwa shida, mkojo hafifu, halafu homa, huenda ni tezi dume limeziba au limeambukizwa. Mwanamume hatumpi dawa ya siku tatu za dukani hata siku moja. Mtoto mdogo hatasema ubavu. Atakuwa na homa isiyo na sababu, anatapika, analia akikojoa. Mpeleke apimwe mkojo.

Dafu na maji ya shayiri vinasaidia?

Vinakunywesha, na kunywa ni nusu ya kinga ya mawe. Lengo ni mkojo wa rangi ya maji ya limau, si ya chai. Jiwe la chini ya milimita 5 mara nyingi linatoka lenyewe, kwa hiyo aliyekunywa dafu likatoka, dafu limepewa sifa ya mrija. Likizidi milimita 10 si rahisi kutoka kwa kinywaji chochote. Mwenye figo zilizochoka aulize kabla, dafu lina potasiamu nyingi. Na palipoziba na homa ipo, kujijaza maji kwa nguvu hakufungui kitu, kunazidisha maumivu.

Ni Ramadhani. Nivumilie mpaka magharibi?

Mchomo mdogo bila homa, dawa za mara mbili kwa siku zinaweza kupangwa futari na daku, zungumza na tabibu wako. Homa, ubavu na kutapika ni ugonjwa, na mgonjwa ana ruhusa ya kufungua akalipa siku nyengine. Masheha na mashekhe hawajawahi kunipinga katika hili, wagonjwa ndio wanaopinga.

Nikifika hospitali niseme nini?

Anza na homa na ubavu, usianze na mchomo, maana ukisema "mkojo unachoma" utapangwa foleni ya yutiai. Sema umeanza lini, kama yanakuja kwa mawimbi au yamekaa, kama umewahi kutoa jiwe, kama una mimba, kisukari au figo moja. Chukua pakiti ya dawa uliyokunywa, hata kama imebaki karatasi tupu, na sema umekunywa vingapi. Kama mkojo umekatika kabisa, umechanganyikiwa, au umesimama ukaona giza, mwambie wa mlangoni kabla hujakaa kwenye benchi.